Bei imevuka kilele cha mwezi uliopita: je, soko linapanda?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni mhasibu wa chama cha msingi cha kahawa huku Moshi na huwa nafuatilia chati ya kahawa ya New York kwenye simu. Majuzi bei ilivuka kilele cha mwezi uliotangulia, na bonde lake nalo lilikuwa juu ya bonde la nyuma, nikawaambia wenzangu soko linapanda. Siku chache baadaye ikaporomoka hadi chini kabisa. Nitajuaje soko linapanda kweli, na si kwamba linazunguka palepale? Picha ya chati nimeiambatisha.

Jibu: Marahaba dada. Kanuni uliyoitumia ndiyo yenyewe: soko linapanda pale ambapo kila kilele kipya kinazidi kilichotangulia, na kila bonde jipya linabaki juu ya lililotangulia. Ila kanuni hiyo ina mambo mawili haiyasemi, na yote mawili yamekukuta. Haisemi kilele ni kipi hasa, wala haisemi "juu" ni juu kwa kiasi gani.

Tuanze na kilele. Kwenye chati ya siku, mshumaa mmoja ni siku moja ya biashara. Mimi naita kilele siku ambayo bei yake ya juu kabisa imezidi bei za juu za siku tatu kabla yake na siku tatu baada yake. Bonde ni vivyo hivyo upande wa chini. Tatu si namba ya kuapia, wapo wanaotumia mbili na wapo wanaotumia tano, lakini ukichagua moja baki nayo. Anayebadilisha kila wiki hakosi kuona kilele anachokitamani.

Kanuni hii ina gharama yake. Kilele cha Jumatatu hakijulikani kuwa ni kilele mpaka soko lifungwe Alhamisi, maana hadi hapo siku tatu za mbele zilikuwa hazijaonekana. Programu za chati zinazoweka alama za vilele zenyewe hurudi nyuma zikaibandika alama juu ya ile Jumatatu, kwa hiyo ukitazama chati ya zamani unadhani mtu angeweza kujua siku ileile. Wale wanaouza mafunzo mitandaoni wanaishi kwa picha za namna hiyo.

Sasa chati yako. Nimezikadiria namba zake ziwe za mviringo, kwa senti za dola kwa ratili, kama soko la New York linavyozitaja. Kwa kanuni ya siku tatu naona kilele cha 252, bonde la 236, kilele cha 251, bonde la 238, kisha kile kilele chako cha 253. Baada ya hapo bei ikashuka hadi 235. Ukiisoma kanuni neno kwa neno, siku ile ya 253 ulikuwa sahihi: 238 iko juu ya 236, na 253 iko juu ya 251 na hata ya 252. Lakini angalia ukubwa wa hatua hizo. Vilele vimepishana kwa senti moja au mbili, mabonde kwa senti mbili, wakati safari kutoka bonde hadi kilele ni kama senti 15. Soko linalotembea senti 15 halafu likavuka alama kwa senti moja bado halijavuka kitu.

Ndipo kinahitajika kipimo cha "juu". Fungua kwenye chati kiashiria kinachoitwa ATR, ukiache kwenye siku 14 kama kilivyo. Kinakupa wastani wa mwendo wa bei kwa siku moja. Kwenye chati yako kinasoma karibu senti 6. Mimi huchukua nusu yake, yaani senti 3, na tofauti yoyote isiyozidi hapo naihesabu kuwa sare. Vilele vyako vitatu basi ni sare: 252, 251, 253. Mabonde nayo ni sare: 236, 238, na sasa 235. Vilele sare juu, mabonde sare chini, hiyo ndiyo renji. Dari yake ni kama 253, sakafu yake ni kama 235, na ilikuwepo hata kabla bei haijakuangusha.

Kuna kitu kingine kwenye mshumaa wa siku ile. Ile 253 ni ncha ya utambi tu, ule mstari mwembamba unaochomoza juu ya mshumaa. Bei ya kufunga ilikuwa kama 249, yaani wanunuzi walivuka dari mchana na kufikia jioni walikuwa wamesharudishwa ndani. Kwa kuvuka dari au sakafu, hesabu bei ya kufunga. Utambi utumie kuchora vilele na mabonde, usiutumie kutoa hukumu.

Umeniandikia pia, chini ya picha, kwamba chati ya saa moja "ilikuwa safi kabisa". Naamini ilikuwa safi, na ndiyo iliyokupotosha zaidi. Bei ikitoka sakafuni 238 hadi darini 253 kwa siku nane au tisa, chati ya saa inaweza kuonyesha vilele vinavyopandana na mabonde yanayopandana bila dosari hata moja. Ni mwelekeo wa kupanda wa kweli, ila umo ndani ya chumba chenye dari. Kwa hiyo kabla ya kusema soko linapanda, taja unasema kwa chati ipi, na linganisha vilele vya chati hiyohiyo. Kuchukua kilele cha chati ya siku ukakipima na bonde uliloliona kwenye chati ya saa ni kosa nililoliona hata kwa watu wa ofisi za wauzaji wa nje hapa Arusha. Kwa mkulima anayengoja kuuza msimu huu, chati ya siku inatosha, ya saa iache.

Je, ingekuwaje kama soko lingeanza kupanda kweli kutoka hapo 235? Tuseme bei inapanda, inafunga 257, inagusa 258, halafu inachoka. Hiyo tayari imevuka dari kwa senti 4 kwenye bei ya kufunga, zaidi ya kipimo chetu. Hata hivyo bado siiti mwelekeo wa kupanda. Naiita renji iliyovunjika, na inaweza kurudi ndani. Nangoja bei ishuke nione inasimama wapi. Ikishuka hadi 249 na siku tatu zikapita bila kwenda chini zaidi, tuna bonde jipya lililo senti 14 juu ya lile la 235, na liko nusu ya juu ya renji ya zamani, ambayo katikati yake ni 244. Bonde hilo linaniambia mengi kuliko kile kilele cha 258. Linaonyesha kwamba wanunuzi hawakusubiri tena bei ya sakafuni. Kisha bei ikipanda tena na kufunga juu ya 258 kwa zaidi ya senti 3, tuseme 262, hapo nasema soko linapanda.

Utaona nimechelewa. Kati ya dari ya 253 na hiyo 262 zimepita senti 9, na hazirudi. Ndiyo bei ya kungoja uhakika, na hakuna hesabu ya vilele na mabonde itakayokupunguzia bila kukuongezea kuvuka kwa uongo kama kule kulikokukuta. Anayetaka kuwahi akubali kukosea mara nyingi zaidi.

Tuendelee kidogo na mfano huohuo, kwa sababu watu huuliza mwisho wake unajulikanaje. Soko limepanda hadi 268, likashuka hadi bonde la 256, likapanda tena lakini safari hii likaishia 267. Kilele hicho ni sare na kilichotangulia. Mwelekeo haujafa, ila umepoteza nusu ya ushahidi wake. Bonde linalofuata ndilo linaloamua. Likisimama karibu na 256, tumeingia renji mpya kati ya 256 na 268. Bei ikifunga chini ya 253, yaani zaidi ya senti 3 chini ya bonde la 256, mwelekeo wa kupanda umekwisha. Lakini kwisha kwa kupanda si kuanza kushuka. Ili useme linashuka unahitaji pia kilele cha chini zaidi na bonde la chini zaidi, kwa kipimo kilekile.

Mtego mmoja ni wa kahawa hasa, na chati haikuonyi. Bei ya New York ni ya mikataba yenye miezi ya kukabidhi mzigo: Machi, Mei, Julai, Septemba na Desemba. Chati yenye jina `KC1!`, ambayo nadhani ndiyo unayotazama, huunganisha mkataba mmoja na unaofuata. Siku ya kuhama, kama mkataba unaofuata ni ghali zaidi kwa senti 7, chati inaruka senti 7 juu bila mtu yeyote kununua kahawa kwa ongezeko hilo. Unapata kilele kipya kizuri, kumbe ni mshono. Ukiona mruko wa ghafla karibu na wakati wa kuhama mkataba, fungua chati ya mkataba wenyewe, kwa mfano wa Desemba peke yake, uone kama kilele hicho kipo na huko.

Na unapowapelekea wanachama habari, wape kwa namna wanayouza. Bei za mnada wa Moshi zimezoeleka kutajwa kwa dola kwa kilo 50, na kilo 50 ni kama ratili 110, kwa hiyo senti moja ya New York ni kama dola 1.10 kwa kilo 50. Renji yako nzima ya senti 18 ni kama dola 20 kwa kilo 50. Usijaribu kuchora vilele na mabonde kwa bei za mnada zenyewe, maana mnada haufanyiki kila siku, na wastani wa wiki hii unaweza kupanda kwa sababu tu zimeingia kahawa za daraja la AA nyingi kuliko wiki iliyopita. Ukitaka kulinganisha, shika daraja moja, tuseme AA peke yake, na utazame kama pengo lake na bei ya New York linapanuka au linapungua.