Pensheni ya zamani na pensheni mpya: pengo linatoka wapi?

*Swali: Nilistaafu miaka 20 iliyopita. Kijana niliyemfundisha kazi amestaafu mwaka huu akiwa daraja lilelile nililoondoka nalo mimi, na miaka ya utumishi tunalingana, 30 kwa 30. Pensheni yake ya mwezi inakaribia kuwa mara mbili ya yangu, ingawa mimi naongezewa asilimia 3 kila mwaka. Je, hesabu yangu imekosewa? Nidai nini?*

Shikamoo, mzee wangu. Inawezekana kabisa hakuna aliyekosea hesabu hata senti moja, na bado ukawa na dai la haki. Dai hilo lina sehemu mbili ambazo wastaafu wengi huziwasilisha kama kitu kimoja, na hapo ndipo huwa wanashindwa. Tuzitenganishe kwa namba.

Tuchukue kikokotoo cha kawaida ambacho kila mwaka wa utumishi unampa mstaafu asilimia 2 ya mshahara wake wa mwisho. Miaka 30 ni asilimia 60. Tuseme uliondoka na mshahara wa msingi wa 1,000 kwa mwezi, kwa fedha yoyote ile, kwa hiyo pensheni yako ya kwanza ilikuwa 600. Mshahara una kazi siku hiyo moja tu. Baada ya hapo kikokotoo hakirudi tena kuangalia daraja lako linalipwa nini. Kinachobaki ni nyongeza, na nyongeza kama yako ina kanuni yake ambayo haina uhusiano wowote na mishahara.

Sasa tuseme kwa miaka hiyo 20 mishahara ya daraja lenu ilipanda kwa wastani wa asilimia 6 kwa mwaka. Mshahara uliokuwa 1,000 leo ni 3,207. Kijana wako anachukua asilimia 60 ya huo, yaani 1,924. Wewe 600 yako imekua kwa asilimia 3 kila mwaka, ikafika 1,084. Kikokotoo ni kilekile, daraja ni lilelile, na wewe unapata kama asilimia 56 ya anachopata yeye. Tofauti ya asilimia 3 haimtishi mtu kwa mwaka mmoja. Lakini kila mwaka inajijenga juu ya tofauti ya mwaka uliopita, na mwisho wake ni pengo la 840 kila mwezi.

Usilidai pengo hilo lote kwa jina moja. Kuna swali la kujibu kwanza: bei zilipanda kiasi gani? Tuseme mfumuko wa bei katika miaka hiyohiyo ulikuwa wastani wa asilimia 5. Ili 600 yako iendelee kununua kile ilichonunua mwezi wako wa kwanza wa ustaafu, leo ingepaswa kuwa 1,592. Unapata 1,084. Kwa hiyo katika pengo la 840, sehemu ya 508 ni thamani ya pensheni yako mwenyewe iliyoliwa na bei. Sehemu ya 332 iliyobaki ni ya namna nyingine: ni kuboreka kwa maisha ya watumishi wa daraja hilo baada ya wewe kuondoka, ambako kulimkuta mwenzako akiwa bado kazini na wewe umeshaondoka.

Sehemu ya kwanza ina nguvu kubwa mbele ya mfuko wowote na serikali yoyote. Uliahidiwa kipato cha uzeeni, na umebakiwa na theluthi mbili ya uwezo wake wa kununua. Hata Mkataba Namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unazitaka nchi zilizouridhia zipitie upya viwango vya pensheni pale gharama za maisha zinapobadilika sana na kubadili kipato cha watu. Sehemu ya pili, ya kulingana na waliostaafu jana, ni uamuzi wa kisera. Mimi binafsi naiona ina haki, kwa sababu kazi iliyofanyika ni ileile, lakini huwezi kuidai kana kwamba ilikuwa kwenye mkataba wako wakati haikuwamo.

Wastani wa miaka 20 unaficha jambo moja ambalo kwenye hesabu za wastaafu nimeliona likiumiza kuliko mengine yote. Mfumuko wa bei hauji sawasawa kila mwaka. Chukua mwaka mmoja mbaya ambao bei zimepanda asilimia 20, na wewe ukapewa 3 yako ya kawaida. Pensheni iliyokuwa na thamani ya 100 sasa ina thamani ya 86. Mwaka unaofuata mambo yanatulia, bei zinapanda asilimia 3, nawe unaongezewa 3. Watu wanasema mambo yamerudi sawa. Hayajarudi. Nyongeza ya sasa inahesabiwa juu ya pensheni iliyokwisha kupungua, kwa hiyo utabaki kwenye 86 hiyo mpaka mwisho wa maisha yako, isipokuwa mtu aamue kutoa nyongeza maalumu ya kufidia mwaka ule. Mtumishi aliye kazini huwa anapata nafuu, maana miaka miwili au mitatu baadaye mishahara hurekebishwa na kupanda kwa mkupuo, na pensheni yake inakuja kuhesabiwa kwenye mshahara uliokwisha kurekebishwa. Ukichora pengo kati yenu mwaka kwa mwaka, mara nyingi utakuta sehemu kubwa imetokana na miaka miwili au mitatu tu.

Kuna pia suala la asilimia 3 ya nini. Kanuni zingine zinasema asilimia 3 ya pensheni unayolipwa sasa, zingine asilimia 3 ya pensheni uliyoanza nayo. Kwa mfano wetu, ya pili ingekuletea 18 kila mwaka bila kubadilika, na leo ungekuwa na 960 badala ya 1,084. Huhitaji kusoma sheria nzima kujua uko wapi. Chukua hati zako za malipo za miaka mitatu mfululizo, toa mwaka mmoja kwa mwingine. Kama kiasi kilichoongezeka ni kilekile kila mara, hesabu inafanywa juu ya pensheni ya mwanzo. Kama kinakua kidogo kidogo, inafanywa juu ya pensheni ya sasa. Hapa ndipo makosa ya kweli yanapojificha: kanuni inasema pensheni ya sasa, lakini mfumo wa malipo unaendelea kutumia ya mwanzo, au nyongeza ya mwaka mmoja imerukwa kabisa wakati kumbukumbu zilipohamishwa. Nyongeza moja ikirukwa, inapunguza zote zinazofuata, kwa hiyo ukiigundua usidai mwaka ule peke yake.

Kabla hujalaumu nyongeza, angalia kama mwenzako alistaafu baada ya posho kuingizwa kwenye mshahara wa msingi. Kikokotoo kwa kawaida hutazama mshahara wa msingi tu. Mwajiri akichukua posho ya nyumba na ya usafiri akaziunganisha humo, mfuko wa mtumishi unaweza usibadilike mwezi huo hata kidogo, lakini pensheni yake inaruka. Kama msingi umepanda asilimia 30 kwa njia hiyo, pensheni ya 1,924 inakuwa 2,501. Dalili yake ni rahisi kuiona: waliostaafu mwezi mmoja kabla ya mabadiliko na waliostaafu mwezi mmoja baada yake wanatofautiana sana, wakati mfumuko wa bei haujapata hata nafasi ya kufanya lolote. Pengo la aina hiyo haliwezi kuzibwa kwa kupandisha asilimia ya nyongeza. Linahitaji pensheni za zamani zikokotolewe upya kwa kutumia muundo mpya wa mshahara.

Vilevile mlinganishe vitu vinavyolingana. Kama wewe ulichukua sehemu ya pensheni yako kwa mkupuo na yeye akachukua mkupuo mdogo zaidi, malipo yenu ya mwezi yangetofautiana hata kama mngestaafu siku moja. Rudini wote kwenye pensheni kamili kabla ya mkupuo, ndipo mpime.

Kuhusu dawa, zipo, na kila moja ina bei yake. Njia ya kufungamanisha pensheni na fahirisi ya bei, yaani namba rasmi inayoonyesha bei zimepanda kiasi gani, inalinda ile 508 na kuiacha 332. Uswisi, kwa pensheni yake ya taifa, hutumia wastani wa fahirisi ya mishahara na fahirisi ya bei, na kwa kawaida hufanya marekebisho kila baada ya miaka 2, kwa hiyo mstaafu anashiriki nusu ya kuboreka kwa mishahara. India mwaka 2015 ilitangaza utaratibu wa cheo kimoja, pensheni moja kwa wanajeshi wake wastaafu, ukihesabiwa kuanzia Julai 2014: wenye cheo kimoja na miaka sawa ya utumishi wanalipwa sawa bila kujali walistaafu lini, na viwango hukokotolewa upya kila baada ya miaka 5. Lakini hata huko, kati ya ukokotoaji mmoja na mwingine pengo linaanza kufunguka tena.

Gharama ndiyo inayofanya mifuko isite. Kwa mfano wetu, ukichukua kwamba pensheni inalipwa miaka 20 na uwekezaji wa mfuko unaingiza asilimia 6 kwa mwaka, kutoka nyongeza ya asilimia 3 kwenda kufuata bei kunapandisha gharama ya pensheni hiyo kwa karibu asilimia 19. Kufuata mishahara kunaipandisha kwa karibu asilimia 30. Michango ya watumishi ilikusanywa kwa makadirio ya asilimia 3, kwa hiyo fedha ya ziada lazima itoke kwa wachangiaji wa leo au kwenye hazina ya serikali. Ukienda kudai, jiandae kuulizwa swali hilo.

Kwa hiyo, mzee wangu, anza na barua iliyokupangia pensheni yako ya kwanza. Tafuta fahirisi ya bei ya mwezi uliostaafu na ya mwezi wa karibuni kutoka ofisi ya taifa ya takwimu, gawanya ya sasa kwa ya zamani, kisha zidisha kwa pensheni yako ya kwanza. Tofauti kati ya jibu hilo na unacholipwa leo ndilo dai lako la kwanza, na liandike peke yake. Kisha uombe mfuko, kwa maandishi, orodha ya kila nyongeza uliyopewa, tarehe yake na kiasi ilichohesabiwa juu yake. Ukiipata, zipige nyongeza hizo moja baada ya nyingine kuanzia pensheni ya kwanza. Jibu likizidi kiasi unacholipwa sasa, basi kuna kosa, na hilo ni dai la malimbikizo lisilohitaji kusubiri sera yoyote ibadilishwe. Suala la kulingana na kijana wako lipelekeni pamoja kupitia chama cha wastaafu, maana anayeweza kuliamua ni mwenye mamlaka ya kubadili kanuni, na ofisa wa dirishani hana mamlaka hayo.