Vijiji vyekundu vitatu, chenye shida kimoja

Nilipeleka ramani ya maji kwenye kikao cha kata moja ya Mbeya Vijijini, huku miinuko ya Uporoto. Vijiji 12, na kwa kila kijiji dakika anazotumia mtu kwenda bombani, kupanga foleni na kurudi na ndoo. Mzee mmoja akainuka: "Mwanangu, kijiji changu umekipaka nyekundu iliyokolea. Mbona maji tunayo?"

Alikuwa sahihi. Dakika zilikuwa hizi: 4, 5, 6, 7, 8, 9, 10, 11, 12, 14, 16 na 84. Cha kwake ni 14.

Kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, nilikuwa nimechagua `Equal Count (Quantile)`, yaani idadi sawa, madaraja manne ya rangi. Njia hii haijali pengo kati ya namba. Inavipanga vijiji foleni, kisha inavigawa vitatu vitatu. Daraja la mwisho likabeba 14, 16 na 84. Mwenye dakika 14 akavaa rangi moja na anayetumia saa nzima na ushee, huku mwenye 9 na mwenye 10, waliopishana dakika moja, wakipewa rangi tofauti. Ramani ilipendeza, lakini ilidanganya.

Jioni nikabadili kwenda `Equal Interval`. Hapa programu inachukua 84, inatoa 4, inagawa kwa 4, na kila daraja linakuwa na upana wa dakika 20. Vijiji 11 vyote vikaangukia la kwanza (4 hadi 24), mawili ya katikati yakabaki matupu, na kile cha 84 kikawaka peke yake. Huo ndio ukweli wa mahali penye shida, ila tofauti ya dakika 4 na 16 imemezwa yote. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni, tofauti hiyo si ndogo.

Siku hizi, kabla ya kugusa rangi, nafungua kichupo cha `Histogram` na kubonyeza `Load Values`. Nikiona nguzo zimesongamana kushoto na moja imejitenga mbali kulia, najua kila njia itaficha kitu, basi mipaka naiandika mwenyewe: 8, 15, 30. Hiyo 30 sikuibuni. WHO na UNICEF huhesabu huduma kuwa ya msingi pale ambapo kuchota maji, kwenda na kurudi pamoja na foleni, hakuzidi dakika 30, mradi chanzo chenyewe kiwe kimeboreshwa.

Kuna jambo jingine la idadi sawa ambalo watu hulisahau. Hata bomba likijengwa na 84 ikashuka hadi 13, mwakani bado vijiji vitatu vitakuwa vyekundu, kwa sababu lazima watatu wawe mkiani. Ukitaka kulinganisha miaka, mipaka ibaki ile ile. Na usibonyeze `Classify` tena, maana inafuta ulichoandika kwa mkono. Hifadhi mtindo kwanza kama faili la `.qml`.