74HC595: rilei kujiwasha umeme unaporudi

"Wakuu, nimeunga rilei 8 kwa 74HC595 na ULN2803 ili nitumie miguu mitatu tu ya Arduino Uno. Kazi inaenda vizuri, ila umeme ukikatika na kurudi, rilei kadhaa zinajiwasha kidogo kisha zinazima. Mguu wa 13 wa 595 upo graundi kama mchoro ulivyoonyesha. Tatizo nini?"

Mkuu, tatizo ni huo mguu wa 13. Mimi ulinitesa kwenye bodi ya valvu za umwagiliaji: umeme ukirudi, valvu tatu zilifunguka kwa pamoja na presha ya maji ikaanguka. Nilibadilisha hadi pawa saplai kabla ya kugundua.

Ndani ya 595 mna rejista mbili. Ya kwanza hupokea biti moja moja: kila mguu wa 11 unapopanda, biti iliyopo mguu wa 14 huingia na zilizotangulia husogea nafasi moja. Ya pili ndiyo inayotoka nje, nayo hunakili ya kwanza pale tu mguu wa 12 unapopanda. Ndiyo maana rilei hazichezi biti zikiwa njiani. Lakini umeme unapoingia, rejista hizi hazina uhakika wa kuanza na sifuri. Zinaweza kuamka na chochote. Kwa kuwa mguu wa 13, yaani OE, upo graundi, hicho chochote kinafika kwenye rilei mpaka programu ipeleke baiti ya kwanza.

Wengi hukimbilia mguu wa 10. Huo hufuta rejista ya kwanza peke yake. Ya pili hubaki na takataka zake hadi mguu wa 12 upigwe.

Toa OE graundi. Ivute kwenye volti 5 kwa resista ya kilo-omu 10, kisha iunge na mguu wa 5 wa Uno. Uno inapoamka miguu yake ni ya kuingiza, hivyo resista ndiyo inayoamua: matokeo ya 595 yanakatika, na ULN2803 isipopata kitu inabaki imezima. Kwenye `setup()` fuata mpangilio huu:

```
pinMode(DATA, OUTPUT);
pinMode(CLOCK, OUTPUT);
pinMode(LATCH, OUTPUT);
shiftOut(DATA, CLOCK, MSBFIRST, 0);
digitalWrite(LATCH, HIGH);
digitalWrite(LATCH, LOW);
pinMode(5, OUTPUT);
```

Mstari wa mwisho lazima uwe wa mwisho, maana mguu ukigeuzwa kuwa wa kutoa huanza na 0, na hapo hapo OE inafunguka.

Angalia pia kapasita ya nanofaradi 100. Kuna michoro inaiweka kwenye mguu wa 12. Hapo inalegeza mpando wa ishara na 595 inaweza kunakili vibaya. Mahali pake ni kati ya mguu wa 16 na wa 8, karibu kabisa na chipu.

Ukimaliza, washa rilei zote halafu bonyeza kitufe cha riseti bila kukiachia. Zikiachia zote papo hapo, OE imekaa sawa. Zikibaki zimeshika, pima mguu wa 13 kwa mita huku bado umebonyeza: ukisoma karibu na volti 0, resista haijashika.