Kabla ya kuigusa gundi, ijue rangi ya ukuta

Swali la wiki: "Nahama nyumba ya kupanga mwisho wa mwezi. Chumba cha watoto kimejaa alama za selotepu tulizobandikia picha na chati za herufi. Nyingine bado zinanata, nyingine zimegeuka njano. Nikikwangua, rangi inatoka. Nifanyeje?" (Msomaji, Morogoro)

Ndugu yangu wa Morogoro, weka kisu chini kwanza. Mimi ni fundi rangi hapa Tanga, na nyumba nyingi ninazoitwa kupaka upya baada ya mpangaji kuhama zina alama kama hizo zako. Mara nyingi kilichoharibu ukuta si selotepu, ni namna ilivyotolewa.

Watu huuliza dawa gani inatoa gundi. Dawa ni nyingi: mafuta ya taa, spiriti, thina, petroli, hata mafuta ya kupikia. Zote zinalegeza gundi. Lakini spiriti na thina zinalegeza rangi ya maji pia, na thina ikikaa kidogo tu huweza kukunja hata rangi ya mafuta. Kwa hiyo anza kwa kujua ukuta wako umepakwa nini. Kama mwenye nyumba au fundi wake hakumbuki, ukuta wenyewe utakwambia.

Tafuta mahali pasipoonekana, mathalani nyuma ya mlango. Lowesha kitambaa kwa maji, kikamue vizuri, kisha sugua taratibu. Kama ukuta ni mweupe tumia kitambaa cheusi, maana kwenye cheupe hutaona kitu. Kikirudi na unga mwingi, ukuta wako una chokaa, au rangi ya maji hafifu iliyokwisha nguvu. Ukuta wa namna hiyo usiupake kimiminika chochote. Kikirudi safi, chukua kipande kingine chenye spiriti kidogo, sugua mahali palepale. Rangi ikihamia kwenye kitambaa na ukuta ukaanza kunata chini ya kidole, hiyo ni rangi ya maji. Kitambaa kikibaki safi na ukuta ukabaki mgumu, ni rangi ya mafuta. Vyumba vya kulala na sebule za nyumba nyingi za kupanga ni rangi ya maji. Ya mafuta utaikuta zaidi jikoni, kwenye korido, na kwenye milango na fremu zake.

Sasa selotepu yenyewe. Gundi yake si kama gundi ya seremala inayokauka ikawa ngumu. Hubaki laini, na hufuata joto na mwendo: ukiipasha moto inalegea, ukiivuta polepole inaachia, ukiivuta kwa ghafla inakaza na kung'oa kilicho dhaifu zaidi. Kwenye ukuta kilicho dhaifu zaidi mara nyingi ni rangi, hasa ikiwa ilipakwa juu ya vumbi, juu ya chokaa ya zamani, au kwenye ukuta wenye unyevu.

Kwa hiyo tumia joto kabla ya dawa yoyote. Draya ya nywele ndiyo bora. Ishike umbali wa shibiri moja hivi kutoka ukutani, uizungushe juu ya selotepu kwa nusu dakika, kisha weka kiganja. Ukuta uwe wa moto lakini mkono uweze kukaa. Ukiuona unavimba kama lengelenge, umezidisha. Acha upoe wenyewe, usiubonyeze. Asiye na draya achukue kikombe cha bati, akijaze maji ya moto, akifunge kitambaa kikavu chembamba, na augandamize ubavu wa kikombe kwenye alama. Ni kazi ya taratibu, lakini joto lake ni kavu, na rangi ya maji inahitaji joto kavu.

Gundi ikishapata joto, inua pembe ya selotepu kwa ukucha au kwa kadi ya plastiki, si kwa wembe. Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa, kwa sababu wanaivuta kuja kwao. Usifanye hivyo. Ikunje irudi juu yake yenyewe, karibu ilale sambamba na ukuta, uivute kuelekea upande ilikotoka, polepole kiasi cha kuona mstari wa gundi ukiachia kidogo kidogo. Mkono mwingine uendelee kupasha joto mbele ya mstari huo. Ukisikia sauti ya kuchanika au ukaona ngozi ya rangi inanyanyuka, simama. Bonyeza rangi irudi mahali pake, ongeza joto, kisha anza kutokea pembe nyingine.

Zile zilizobaki gundi tupu, plastiki yake imekwisha kutoka, zina njia yake. Pasha joto kidogo, kisha chukua kipande kipya cha selotepu, kizungushe kwenye vidole upande wa gundi ukiwa nje, na uipigepige ile alama: bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia. Gundi hushikana na gundi mwenzake kwa urahisi kuliko inavyoshikana na rangi, kwa hiyo utaiona inahama vipande vipande. Kipande kikijaa, badilisha. Vilivyobaki visukume kwa ncha ya kidole vijiviringe kama ukoko wa ugali, uviokote. Ufutio wa penseli, ule mweupe na laini, unafanya kazi hiyohiyo kwenye vipande vidogo.

Ukimaliza hapo, kwenye rangi ya maji iliyofaulu jaribio la kitambaa, maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo yanatosha kuondoa ule unataji wa mwisho. Sponji iwe imekamuliwa kabisa, isidondoshe. Pangusa kwa upande wake laini kutoka nje ya alama kuingia ndani ili usiitawanye gundi, kisha pita na kitambaa chenye maji safi, kisha kikavu. Usisugue kwa nguvu. Rangi isiyong'aa ikisuguliwa sana hung'aa, na doa linalong'aa halitoki kwa kuosha.

Mafuta ya kupikia nayaheshimu, lakini nina masharti nayo. Yanalegeza vizuri gundi ya selotepu ya maboksi na ya tepu ya karatasi iliyokaa muda mrefu. Ila yanafaa kwenye rangi ya mafuta, au ile ya maji inayong'aa na kuoshika. Paka kwa pamba juu ya gundi tu, subiri dakika 5, pangusa, na hapohapo osha kwa sabuni. Kwenye rangi isiyong'aa mafuta yanazama, na utakuwa umebadilisha doa la gundi kwa doa la mafuta.

Kama ukuta wako ni wa rangi ya mafuta, kazi ni nyepesi. Joto, kisha spiriti au mafuta ya taa kidogo kwenye pamba, pangusa bila kuloweka, osha kwa sabuni. Fungua madirisha, zima jiko na mshumaa, na draya uwe umeshaizima na kuiweka mbali, maana spiriti na mafuta ya taa vinashika moto. Thina na petroli viache kabisa.

Nikupe mfano mmoja. Mama mmoja hapa Tanga alikuwa na ukuta kama wako: chati za watoto, selotepu pana ya maboksi, rangi ya maji nyeupe isiyong'aa juu ya puti. Jaribio la kitambaa lilitoa unga kidogo sana, la spiriti lilitoa rangi, kwa hiyo tukaamua joto na sabuni tu. Alama nyingi zilitoka safi. Lakini karibu na dirisha, jua linakopiga mchana kutwa, gundi ilikuwa imekauka ikawa kahawia na haikuwa inanata tena. Pale joto halikusaidia kitu. Gundi ikiunguzwa na jua kwa muda mrefu haiwi tena ile laini. Sehemu yake imeingia ndani ya rangi. Na kwenye kona moja chini, rangi ilitoka na selotepu, pana kama kiganja, kwa sababu ukuta ulikuwa unapata unyevu kutoka bafuni.

Zile za kahawia tulizikwangua kwa kadi hadi zikawa bapa, tukapitisha msasa namba 220 kwa mkono mwepesi, tukafuta vumbi, kisha tukapaka andakoti ya mafuta juu ya doa pekee. Usiruke hatua hiyo. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja juu ya doa la gundi, siku chache baadaye njano inachomoza tena, hata ukirudia mara tatu. Hata hizo zako zilizogeuka njano, kama zimebaki baada ya sabuni, usiendelee kuziosha. Zinahitaji andakoti, halafu rangi.

Ile kona iliyobanduka tuliiacha kwanza ikauke, bomba la bafuni likatengenezwa. Kisha nikakata ukingo wa rangi iliyolegea kwa wembe (hapa ndipo wembe unapofaa) hadi nikafika rangi iliyoshika, nikasawazisha ukingo kwa msasa namba 120, nikajaza puti kwa tabaka jembamba, ikakauka usiku mzima, nikapitisha 220. Ukipitisha kidole macho yamefungwa usihisi ngazi, basi iko tayari. Kisha andakoti, kisha rangi mikono miwili.

Kwa upande wako, kwa kuwa unahama mwisho wa mwezi, anza wiki moja kabla. Kazi ya gundi ni ya jioni moja au mbili, lakini puti, andakoti na rangi vinataka siku za kukauka katikati, hasa kama Morogoro kuna mvua. Usiku kabla hujakabidhi funguo, zima taa ya chumba, washa tochi ya simu na uilaze ubavuni mwa ukuta ili mwanga upite juu ya uso wake. Gundi iliyobaki itameta, na puti isiyosawazishwa itatoa kivuli. Ukikuta viraka vya rangi mpya vinaonekana kwa sababu ya zamani imefifia, usihangaike kuviongezea rangi kimoja kimoja. Paka ukuta huo mmoja mzima, kona hadi kona, na kuta nyingine tatu uziache zilivyo.