Anza na Mama wa Igombe

"Mama, nimetuma habari za vikaushio vyetu vya dagaa kwa waandishi tisa na hakuna aliyejibu. Niandike nini, na kwa urefu gani, ili mtu asome?"

Mwanangu,

Barua pepe uliyowatumia nimeisoma mara mbili, na neno dagaa nililikuta aya ya tatu. Umeanza na tarehe ya kusajili kampuni, ukaja kwenye dira na dhamira, kisha ukasema ninyi ni wa kwanza Afrika Mashariki. Nilipokuwa dawati la biashara, barua za namna hiyo zilinisubiri kila asubuhi kabla ya kikao cha habari, na kila moja niliisoma kichwa na sentensi moja tu. Dai la "wa kwanza" lilinitia shaka, maana mimi ndiye ningelazimika kulithibitisha.

Kampuni kufunguliwa si habari. Habari unayo, ila umeificha mwishoni: yule mama wa mwalo wa Igombe. Masika yaliyopita dagaa wake waliloa mchangani, wakanunuliwa kwa bei ya kutupa, wakawa chakula cha kuku. Masika haya amewaanika kwenye chanja zako zilizofunikwa nailoni, na wameuzwa kwa kuliwa na watu. Hapo yupo mtu, ipo pesa, na ipo mvua inayonyesha sasa hivi, ambayo ndiyo sababu ya mwandishi kuiandika wiki hii badala ya Agosti.

Tena usiwaandikie watu tisa kwa mkupuo, majina yote yakionekana juu. Mwandishi akiona wenzake nao wanayo, anaiacha. Mtafute mmoja aliyewahi kuandika habari za uvuvi wa ziwani au bei ya dagaa, soma stori zake tatu nne, kisha mwandikie yeye peke yake.

Mimi ningeandika hivi. Kwenye mada: "Igombe: dagaa wa masika sasa waliwa na watu, si kuku". Kisha:

"Habari za asubuhi. Nilisoma stori yako ya bei ya dagaa Mwaloni Kirumba. Huku Igombe wanawake 14 wameanza kukausha dagaa chini ya nailoni wakati wa mvua, wakilipia kwa ndoo. Mmoja wao mwaka jana mzigo wake wa masika uliishia kwenye chakula cha kuku. Mwaka huu ameuza kwa walaji, na yuko tayari kukuonyesha daftari lake la mauzo. Mimi ndiye mwenye vikaushio. Ukija kati ya Jumatatu na Alhamisi ijayo, saa moja asubuhi, utakuta dagaa wakishushwa na kuanikwa. Picha ninazo, nikutumie? Simu yangu ni hii."

Basi, hapo tia namba yako. Wasifu wa kampuni wa kurasa 12 usiuambatanishe. Wengi husoma kwenye simu, kwa bando lao wenyewe. Ile sentensi ya "mimi ndiye mwenye vikaushio" usiiondoe, kwani akigundua baadaye kwamba una faida ndani yake, hatakuamini tena hata kwa mengine uliyosema kweli.

Siku za kumwalika zipange kwa kuangalia mwezi. Unajua kuliko mimi kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi hulala ufukweni. Mwandishi akija na mpiga picha akakuta chanja tupu, mhariri wake hatampa gari mara ya pili.

Akija atakuuliza vikaushio vinashindwa wapi. Mwambie wazi: mawingu yakikaa siku tatu mfululizo dagaa hawakauki vizuri, na upepo wa ziwa huchana nailoni. Hayo atayasikia tu kwa watu wa mwalo, na ni afadhali ayasikie kwako kwanza, pamoja na unavyoyashughulikia. Usimwombe akuonyeshe stori kabla haijatoka, wala usimpe bahasha. Ukitaka kuchagua maneno mwenyewe, nunua tangazo, na hilo lina dawati lake.

Asipojibu baada ya siku tatu, mkumbushe mara moja tu, juu ya barua ileile, ukiwa na jambo jipya, kwa mfano wanawake wameongezeka au mvua imezidi. Akiendelea kunyamaza, nenda kwa mwingine na ubadilishe sentensi ya kwanza, maana huyo naye ana stori zake.

Ila leo, kabla hujaandika chochote, mpigie yule mama. Muulize kama kweli yuko radhi kupigwa picha na kuonyesha daftari lake. Akisita, usimlazimishe, muulize mwingine kati ya wale 14.

Mama yako