Kamera ya getini inayozima usiku: angalia waya kwanza

Kamera inayofanya kazi vizuri mchana, kisha kuanza kuzima na kuwaka giza likiingia, mara nyingi haijaharibika. Usiku taa zake za infraredi huwaka na kamera huvuta umeme mwingi zaidi. Waya ukiwa mrefu na mwembamba, volti humalizikia njiani.

Nilikuta hali hiyo kwa jirani yangu. Adapta ya volti 12 iko sebuleni, kamera iko getini, mita 40 za waya katikati, unene milimita za mraba 0.5. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu ni ya mita 80. Waya wa shaba wa unene huo una ukinzani wa omu 2.75 hivi kwa urefu huo. Mchana kamera ilivuta ampea 0.3, ikapotea volti 0.8 tu. Usiku ilivuta ampea 0.8, na 0.8 mara 2.75 ni volti 2.2. Getini zikafika 9.8, wakati kamera nyingi za volti 12 huvumilia upungufu wa asilimia 10 tu, yaani hadi 10.8.

Alikuwa tayari ameshauriwa dukani anunue adapta ya ampea 5. Haikusaidia, wala isingeweza. Ampea zilizoandikwa kwenye adapta ni uwezo wake wa juu. Kamera huchukua inazohitaji tu, na waya unaendelea kula volti zilezile. Kwa kamera moja ya aina hii, adapta nzuri ya ampea 2 inatosha.

Tuliweka waya wa 1.5. Ukinzani ukashuka hadi omu 0.9, na usiku getini zikabaki volti 11.3. Ukinunua waya, kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba halisi.

Pima kwa multimita kwenye plagi ya kamera huku kamera imeunganishwa na taa za usiku zinawaka. Mchana, funika lenzi na kihisi cha mwanga kwa kitambaa cheusi. Ukipima waya mtupu utasoma 12 kamili hata kama ni mbovu, kwa sababu hakuna mkondo unaopita.

Sishauri kupandisha adapta hadi volti 15 ili kufidia. Mchana, kamera ikivuta kidogo, karibu volti zote hizo zitaifikia na zinaweza kuiunguza. Umbali ukikaribia mita 100, badala ya kununua waya mnene wa bei kubwa, tumia adapta ya volti 24, kisha funga kishusha volti cha kutoa 12 ndani ya kisanduku kisichoingiza maji kando ya kamera. Mkondo njiani hupungua karibu nusu, na hata volti 2 zikipotea, kishusha volti bado kitatoa 12.