Adui anayeita "mjukuu wangu"

SWALI: Naandaa katuni ya vipindi sita. Steringi ni binti wa Kigombe, Tanga, anayepambana na tajiri wa uvuvi wa baruti. Tajiri nimemchora na kovu usoni, macho mekundu, sauti ya kunguruma. Watoto niliowaonyesha wanasema, "Si akamripoti tu polisi!" Nirekebishe nini?

JIBU: Watoto wako sahihi. Binti akimripoti hapotezi chochote, kwa hiyo kovu weka kando kwanza, tuanze na deni.

Tuseme anayerusha baruti ni kaka yake binti, na imeshamkata vidole. Usiku ule tajiri ndiye aliyekuwa na gari, akampeleka hospitali ya Bombo, akalipa. Boti anayovulia kaka ni ya tajiri pia. Sasa binti akifungua mdomo, wa kwanza kufungwa ni kaka yake. Tajiri naye awe na hoja yenye ukweli kidogo: vijana wana njaa leo, na mshipi hautoi samaki kama zamani. Asichosema ni kwamba baruti ni sababu mojawapo.

Sura nayo itii deni hilo. Macho mekundu yanamfanya binti aonekane mjinga kila anapomwamini. Mchore wa mviringo, mabega yameshuka, kofia na msuli, umbo linalokaribiana na la babu yake binti. Kisha wajaze tajiri na babu weusi mtupu na uwapunguze hadi kimo cha kidole gumba. Usipowatofautisha, badilisha kitu kimoja tu, labda mkao au fimbo. Alama ya uovu iweke kwenye tabia: boti ikifika, kila mtu anaingia majini kushusha samaki, yeye anasimama pale mchanga mkavu unapoishia. Rudia hilo kila kipindi bila mtu kulitaja.

Kuhusu sauti, mtafute mzee anayeongea taratibu, na umrekodi kabla ya kuchora, maana midomo hufuata sauti. Badala ya "Ukisema nitakuua!", mpe hivi:

"Mjukuu wangu, kidonda cha kaka yako kimekauka?"

Halafu anyamaze sekunde mbili. Kwa fremu 24 kwa sekunde, hizo ni fremu 48, lakini mchoro mmoja unatosha, ukiongeza kope zinazopepesa. (Anayeshika bajeti atakupenda.) Hajatishia kitu, ila binti ameelewa, na mtazamaji pia.

Hapo kuna hatari moja: wema ukizidi, watoto watamtetea. Usimtungie kisa cha utoto wa machozi. Madhara yaonekane kipindi cha kwanza, kabla hatujamwona akimsaidia mtu: mlipuko unapasua vibofu vya hewa vya samaki, wengi wanazama badala ya kuelea, na matumbawe yanabaki vifusi. Binti apige mbizi ayaone mwenyewe, akitoka majini amkute kaka yake anahesabu pesa ya dawa kwa mkono uliobaki mzima.